Mbona Bima ya Gari Lako la Kwanza ni Ghali Hivi, na Vile Unaweza Kuishusha Kihalali

Umeweka akiba miaka mitatu, chama kimekutoa, na hatimaye kuna Demio imesimama kwenye parking ya ploti yenu pale Umoja. Leseni unayo. Halafu ejenti anakutumia kwotesheni ya bima na inakaribia elfu hamsini na nne. Unauliza jirani yako, mama mwenye gari kubwa la milioni mbili na nusu, naye anakuambia kampuni yake inamtoza asilimia tatu na nusu tu ya bei ya gari. Wewe umetozwa asilimia sita. Unajiuliza kama ejenti amekuona mshamba.

Mara nyingi hajakuona mshamba. Lakini pia si lazima ulipe hiyo bei yote. Wateja wengi hutuuliza kuhusu jambo hili wakati wa kulipia bima kwa simu, kwa hivyo leo tunaifungua hiyo kwotesheni mstari kwa mstari.

Kwotesheni yenyewe inasema nini

Tuchukue kijana wa miaka 23 anayeishi Umoja, leseni yake ina miezi minane, na gari amelinunua kwa Sh800,000 kutoka kwa mtu. Anataka bima kamili, yaani ile inayolipa gari lake pamoja na watu na mali atakayogonga. Viwango tunavyotumia hapa ni vya mfano, kwa sababu kila kampuni hupanga vyake, ila viko ndani ya vile utakavyokutana navyo sokoni.

Asilimia 6 ya Sh800,000 ni Sh48,000. Hiyo ndiyo bei ya msingi. Kisha kuna nyongeza mbili ambazo karibu kila ejenti huziweka: kinga ya eksesi, tuseme Sh3,000, na bima ya vurugu za kisiasa na ugaidi, tuseme Sh2,500. Tumefika Sh53,500. Juu yake kuna tozo za serikali: asilimia 0.2 ya mafunzo, ambayo ni Sh107, asilimia 0.25 ya Mfuko wa Kuwafidia Wenye Bima, ambayo ni Sh133.75, na stempu ya Sh40. Jumla inakuja Sh53,780.75.

Ukicheki vizuri, serikali haijachukua hata mia tatu. Tozo hizo huwezi kuzipunguza na wala hazistahili kukukosesha usingizi. Pesa yote iko kwenye ule mstari wa kwanza, asilimia 6 ya thamani ya gari. Hapo ndipo tutakaa.

Umri wako haupo pale ulipodhani

Watu wengi mtaani huamini kampuni ya bima huangalia kitambulisho, ikiona umezaliwa juzi inapandisha bei. Nchi nyingine hufanya hivyo waziwazi: Uingereza, kwa mfano, kijana wa miaka 18 huweza kutozwa bei inayozidi ile ya gari lenyewe. Hapa Kenya mambo huenda kwa njia ya kuzunguka kidogo. Kampuni nyingi zitakupa bei kwa simu bila hata kukuuliza una miaka mingapi. Ujana wako unakuja kulipiwa kwa milango mitatu mingine.

Mlango wa kwanza ni bei ya gari. Kampuni nyingi huwa na ngazi: gari la chini ya milioni moja hutozwa asilimia kubwa, na kadiri thamani inavyopanda asilimia inashuka. Ndiyo maana jirani yako anatozwa 3.5 na wewe 6. Inaonekana ni uonevu, maskini kulipa zaidi, lakini fikiria kile kampuni inachonunua ikikubali kukubeba. Ukigongana na matatu pale Mutindwa, fundi hatakupunguzia kazi kwa sababu gari lako ni la bei nafuu. Kunyoosha mlango, kupiga rangi na kununua taa ya mbele ni gharama zinazokaribiana kwa Demio na kwa gari lililoizidi bei mara mbili. Na ukimgonga mtu anayevuka Barabara ya Outer Ring, fidia yake haihesabiwi kwa bei ya gari lililomgonga. Sheria ya bima ya magari dhidi ya watu wa tatu, ile ya Sura ya 405, inaifanya kampuni kuwajibika hadi Sh3,000,000 kwa kila mtu aliyeumia au kufa. Hiyo milioni tatu ni ile ile kwa gari la laki nne na kwa gari la milioni kumi. Kwa hivyo kampuni hukusanya kutoka kwa gari dogo asilimia kubwa ili hesabu zake zifike. Tena kuna bei ya chini kabisa: gari la Sh400,000 kwa asilimia 6 lingelipa Sh24,000, lakini kama kampuni imeweka Sh30,000 kuwa kiwango chake cha chini, utalipa hiyo, na ghafla unalipa asilimia 7.5. Sasa nani hununua magari ya bei ya chini? Ni wale wanaoanza.

Mlango wa pili ni historia. Jirani yako amekaa na bima miaka kumi bila kudai chochote, na kuna kampuni zinazompa punguzo kwa hilo. Wewe huna historia nzuri wala mbaya. Kampuni haijui kama wewe ni dereva mtulivu ama ni wale wa kukimbizana na nganya Barabara ya Jogoo saa tano usiku. Ikikosa kujua, inakuhesabu pamoja na madereva wapya wote, na kote duniani imeonekana kwamba mtu hupata ajali nyingi zaidi katika miezi na miaka yake ya kwanza barabarani. Kampuni za Kenya pia hazina nafasi ya kukukopesha imani. Kwa miaka mingi ripoti za IRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, zimeonyesha biashara ya magari ya kibinafsi ikila hasara.

Mlango wa tatu ndio wengi hawauoni kabisa, kwa sababu haumo kwenye bei. Umo kwenye eksesi. Eksesi ni ile pesa unayotoa mfukoni mwako kabla kampuni haijatoa yake. Kwa mfano wetu, eksesi ya gari kuharibika ni asilimia 2.5 ya thamani, yaani Sh20,000. Sasa soma karatasi zaidi, pale maandishi yanapokuwa madogo. Utakuta mstari unaosema dereva kijana au mgeni wa barabara anaongezewa eksesi, kwa kawaida elfu tano, saba na nusu au kumi. Kijana anaweza kumaanisha chini ya miaka 21 au 25, na mgeni ni mwenye leseni ya chini ya mwaka mmoja au miwili, kampuni hutofautiana. Kijana wetu akigonga ukuta wa geti, na nyongeza yake ni Sh10,000, atatoa Sh30,000 kabla kampuni haijatoa shilingi. Kama ukarabati ni Sh35,000, bima itamsaidia na elfu tano tu.

Hapo ile kinga ya eksesi ya Sh3,000 inakuja na swali lake. Kazi yake ni kukulipia eksesi. Lakini je, inalipa pia hiyo nyongeza ya ujana, ama inalipa eksesi ya kawaida peke yake? Uliza kabla ya kulipa, na uliza kwa maandishi, hata kama ni kwenye WhatsApp. Jibu la mdomo husahaulika haraka sana gari likiwa gereji.

Thamani: punguza pale, lakini kwa ukweli

Kijana wetu aliandika Sh800,000 kwenye fomu kwa sababu hiyo ndiyo pesa aliyotoa. Kwa nini hilo ni tatizo? Kwa sababu gari likiibwa au likiharibika kabisa, kampuni hailipi ulichonunulia. Inalipa thamani ya soko ya gari siku hiyo kabla ya hasara, na haivuki kiasi ulichoandika. Kama alinunua kwa kuchangamkiwa na broka, na gari kwa kweli ni la Sh720,000, basi anatozwa kwa elfu themanini ambazo hatakaa azione.

Dawa yake ni valuesheni. Ukichukua bima kamili, kampuni hukupa barua ya kwenda kwa mkadiriaji aliye kwenye orodha yake, na kwa kawaida hulipi. Mara nyingi utapewa cheti cha mwezi mmoja kwanza huku ripoti ikisubiriwa. Watu hupuuza hiyo barua, mwezi unaisha, cheti kinakufa, na gari linashikwa na polisi mwenyewe akiapa amelipa bima ya mwaka. Peleka gari wiki ya kwanza. Lioshe, beba nakala ya logibuku, na waonyeshe vitu ulivyoongeza kama redio ama rimu, kwa sababu visipoandikwa havitafidiwa.

Ripoti ikirudi na Sh720,000, bei ya msingi inashuka kutoka Sh48,000 hadi Sh43,200. Umeokoa Sh4,800 kwa kusema ukweli.

Sasa kuna ejenti atakayekunong'onezea uandike laki tano ili bei ishuke zaidi. Hapo kataa. Ukiweka bima ya Sh500,000 kwa gari la Sh720,000, kampuni inahesabu kwamba umejibebea sehemu iliyobaki wewe mwenyewe. Bili ya gereji ikiwa Sh90,000, haikulipi Sh90,000. Inachukua 500 kwa 720, inapata Sh62,500, halafu bado inaondoa eksesi. Uliokoa kama elfu kumi na tatu kwenye bei, ukapoteza elfu ishirini na saba na nusu kwenye ajali moja ndogo.

Kwotesheni tatu, gari moja

Hii ndiyo njia rahisi kuliko zote na ndiyo watu huiruka, kwa sababu ejenti ni binamu ya rafiki. Asilimia haijapangwa na serikali. Kwa gari lile lile la Sh720,000, kampuni moja ikitoza 6 na nyingine 5, tofauti ni Sh7,200 kwa mwaka. Omba kwotesheni tatu siku moja, ukitoa maelezo yale yale: thamani, mwaka wa gari, umri wako, umri wa leseni na matumizi. Ukificha umri ili bei ije nzuri, umejidanganya mwenyewe. Utaulizwa kwenye fomu kamili, na fomu hiyo ndiyo itakayotolewa kwenye faili siku ya madai.

Ukizilinganisha, usiangalie jumla ya chini peke yake. Weka kando kando eksesi ya ajali, eksesi ya wizi, nyongeza ya dereva mgeni, na kiasi cha kulipia uharibifu wa mali ya wengine. Bei iliyo chini kwa elfu tatu lakini yenye nyongeza ya ujana iliyo juu kwa elfu tano si nafuu kwa mtu anayejifunza kurudi nyuma kwenye parking za Pipeline.

Pia angalia kampuni yenyewe. Resolution iliwekwa chini ya usimamizi mwaka 2022, Xplico mwaka 2023, na wateja wao waliachwa wakihangaika na vyeti mkononi. Ile asilimia 0.25 unayolipa kwenye mfuko wa fidia ipo kwa ajili ya siku kama hizo, lakini hutaki kuwa kwenye hiyo foleni. Orodha ya kampuni na mawakala wenye leseni huwekwa na IRA kwenye tovuti yake, ira.go.ke.

Traka, na vitu vya kukata ama kuacha

Gari likiibwa, eksesi huwa kubwa. Kwa masharti ya kawaida ni asilimia 10 ya thamani kama gari lina kifaa cha kuzuia wizi kilichokubaliwa na kampuni, na asilimia 20 kama halina. Kwa Sh720,000 hiyo ni Sh72,000 dhidi ya Sh144,000. Kwa hivyo traka inaweza isishushe bei ya leo sana, ingawa kuna kampuni zinazotoa punguzo ukiwa nayo, lakini inakupunguzia nusu ya pigo. Kwa mtu anayelaza gari kando ya barabara Kayole au Dandora, bila geti na bila soja, tungeiweka mbele ya redio kubwa. Sharti ni moja: iwe ya mtoaji anayekubalika na kampuni yako, na ada yake ya kila mwaka ilipwe. Traka iliyozimwa kwa sababu ya ada haihesabiki kuwa traka.

Kinga ya eksesi tungeiacha ibaki, kwa sababu dereva mpya ndiye mwenye uwezekano mkubwa wa kuihitaji. Ile ya vurugu za kisiasa watu walikuwa wakiikata bila kufikiria, mpaka maandamano ya Juni 2024 na Juni 2025 yalipofika. Bima ya kawaida huwa haibebi uharibifu wa namna hiyo. Kama gari lako huingia mjini katikati ya wiki, Sh2,500 si pesa ya kupigania. Unachoweza kukata ni malipo ya gari la kukodi wakati lako liko gereji. Nyongeza hiyo wakati mwingine huingizwa bila kuulizwa. Kama kuna matatu nje ya ploti kila dakika mbili, unaweza kuishi bila hiyo.

Tukusanye sasa. Thamani Sh720,000 kwa asilimia 5 ni Sh36,000. Ongeza Sh3,000 na Sh2,500, inakuwa Sh41,500. Tozo: Sh83, Sh103.75 na Sh40. Jumla ni Sh41,726.75. Kutoka Sh53,780.75, kijana wetu ameshusha Sh12,054 bila kudanganya mtu na bila kupoteza kinga yoyote ya maana.

Gari likiwa mzee

Kama ulichonunua ni gari la mwaka 2006 la laki tatu na nusu, hesabu zote hizo huenda zisikuhusu. Kampuni nyingi hukataa bima kamili gari likipita miaka 12 au 15. Utabaki na thadi pati, ambayo kwa gari la kibinafsi ni shilingi elfu kadhaa kwa mwaka mzima. Ni halali kabisa, ndiyo sheria inataka, na kwa gari kama hilo mara nyingi ndiyo busara. Jiulize swali moja tu: gari likiungua kesho, utaweza kuendelea na maisha? Thadi pati haikulipi hata kioo. Kama unaweza kubeba hiyo hasara, ile tofauti ya elfu thelathini iweke kando kwa ajili ya breki na matairi.

Kuna wanaonunua thadi pati ya mwezi mmoja mmoja kwa simu. Ni sawa kama gari hutembea msimu tu. Lakini jumlisha mara kumi na mbili kabla ya kuifanya mazoea, maana mara nyingi inazidi ya mwaka. Na cheti cha mwezi huisha kimya kimya usiku, halafu asubuhi unakutana na polisi kwenye mzunguko wa Donholm.

Njia za mkato ambazo zitakurudia

Ya kwanza ni kuweka gari kwa jina la mama ili utumie historia yake. Tuelewane hapa, kwa sababu kuna sehemu iliyo halali. Kama gari ni la mama, yeye ndiye huliendesha siku nyingi, na wewe unalichukua Jumapili, kampuni ikaambiwa hivyo na jina lako likaandikwa, hakuna shida. Nyongeza ya ujana itakuhusu siku ukiwa wewe kwenye usukani, basi. Shida ni pale gari ni lako, linalala kwako Komarock, mama yuko Machakos na hana hata leseni, lakini fomu inasema yeye ndiye dereva mkuu. Huo ni uongo juu ya jambo ambalo kampuni ilitegemea kupanga bei, na unaipa sababu ya kwenda kortini kujitoa kwenye bima hiyo.

Ya pili ni teksi. Unalipia bima ya matumizi ya kibinafsi, halafu jioni unawasha apu ya teksi kutafuta ya mafuta. Bima ya kubeba abiria kwa malipo ni nyingine na ni ghali zaidi, ndiyo kishawishi. Ukigonga ukiwa na abiria aliyekulipa, kampuni inaweza kukataa kulitengeneza gari lako. Na hata pale sheria inapoilazimisha kumlipa mtu uliyemuumiza, inaweza kugeuka na kukudai wewe pesa hizo. Kama teksi ndiyo mpango, sema tangu mwanzo na uiweke hiyo gharama kwenye hesabu ya biashara.

Nyingine ni logibuku kubaki kwa jina la aliyekuuzia. Hii si ulaghai, ni uvivu tu, lakini siku ya madai utaulizwa wewe ni nani kwa hili gari. Fanya uhamisho wa umiliki wa NTSA kwenye eCitizen mapema. Kabla haujakamilika, mpe ejenti mkataba wa mauzo na hakikisha bima iko kwa jina lako.

Wakati wa kulipa

Sheria ya bima nchini hairuhusu kampuni kukubeba kwa deni la mdomo: bila malipo hakuna bima. Ukitumia mkopo wa kulipia bima kupitia benki, kampuni inalipwa yote na wewe unarudisha benki kwa miezi kadhaa, na riba juu yake. Kwa hivyo hiyo inarahisisha mwezi wako lakini haishushi bei. Kuna kampuni zinazokubali kugawanya malipo mara mbili au tatu. Uliza kwanza kama kuna ada, na cheti kitatolewa cha muda gani kila unapolipa.

Kama bima yako ni Sh41,726.75, basi Sh3,500 kwa mwezi kwenye akaunti ya akiba ya simu itakupa Sh42,000 siku ya kuifanya upya. Anza mwezi ule ule ulionunua.

Lipa kwa Paybill ya kampuni ya bima yenyewe, sio namba ya simu ya ejenti, hata kama amekuahidi kukuondolea elfu mbili. Namba ya akaunti mara nyingi huwa ni namba ya usajili wa gari au namba ya bima uliyopewa kwenye kwotesheni. Kabla ya kuweka PIN, soma jina linalotokea kwenye skrini. Likiwa la mtu binafsi badala ya kampuni, simamisha hapo na upige simu kwa kampuni. Hifadhi ujumbe wa malipo.

Vyeti siku hizi hutolewa kidijitali kupitia mfumo wa DMVIC wa chama cha kampuni za bima, AKI. Cheti kikifika, linganisha namba ya usajili, namba ya chesisi, aina ya matumizi na tarehe ya mwisho, kisha kithibitishe kwenye mfumo huo. Kikikosekana humo, huna bima, hata kama karatasi inang'aa vipi.

Mwaka ukiisha bila kudai kitu, usikubali tu ejenti akufanyie upya kwa bei ile ile. Mwambie akuombee barua kutoka kwa kampuni inayosema hukuwa na madai, na uitumie kuomba kwotesheni tatu tena. Leseni yako sasa imepita mwaka, kwa hivyo uliza kama nyongeza ya dereva mgeni bado inakuhusu. Na uombe valuesheni mpya, kwa sababu gari limeshuka thamani na bei ya msingi inafaa ishuke nalo, mradi haijagonga kile kiwango cha chini cha kampuni.